Mke wangu kamaliza mionzi, sasa hataki nimguse

*Wadau, mke wangu alimaliza mionzi ya saratani ya shingo ya kizazi miezi minne iliyopita. Daktari anasema anaendelea vizuri, lakini usiku anageukia ukutani. Tulijaribu mara moja akalia. Na mimi naogopa kumuumiza, sijui hata kama ni salama. Aliyepitia hili anisaidie. Niko Dodoma.*

Kaka yangu, mimi ni mwanamke, niko Nkuhungu, na ugonjwa ni huo huo. Nitakueleza kutoka upande wa wifi yangu anayegeukia ukutani, maana na mimi niligeukia huko miezi mingi.

Nilitibiwa Dar. Mionzi ya nje siku 25, Jumatatu hadi Ijumaa, na dripu ya sisplatini, dawa ya saratani, kila wiki. Baadaye mionzi ya ndani mara tatu, ile wanakuwekea chombo ukeni. Nikarudi Dodoma nimekonda, nywele za kichwani zipo lakini za huku chini zimeisha, ngozi ya mapajani nyeusi kama imeunguzwa na pasi. Na kabla ya matibabu nilikuwa natoka uchafu wenye harufu mbaya. Harufu ile iliisha kabisa na matibabu, ila puani mwangu haikuisha. Nilikuwa nanawa mara nne kwa siku, tena kwa sabuni na dawa ya kuua wadudu, na kumbe ndivyo nilivyozidi kujichubua. Maji matupu yanatosha, na ni ya nje tu, ndani usioshe.

Niliporudi, mume wangu alitandika mkeka sebuleni. "Pumzika vizuri, mama Neema." Mimi nikasikia: unanuka. Tulikaa hivyo hadi usiku mmoja umeme ulipokatika, tuko nje uani, namenya karanga. Gizani hakuna anayemwona mwenzake usoni, labda ndiyo maana nilithubutu kumuuliza kama ananionea kinyaa. Akanyamaza muda mrefu, halafu akasema anaogopa mionzi iliyobaki mwilini mwangu isije ikamuunguza. Tena anaogopa damu, kwa sababu ugonjwa wangu tuliugundua kwa kutoka damu baada ya tendo, na moyoni alishajihesabia kwamba yeye ndiye aliyeniumiza.

Nilicheka, halafu nikalia. Kwa hiyo hilo la kwanza lijue: mashine ikishazimwa na chombo kikatolewa, mwilini hakibaki kitu cha kumuunguza mtu. Saratani yenyewe nayo haiambukizwi kwa tendo la ndoa. Kinachoambukizwa ni kirusi cha HPV, nacho watu wengi mno wamewahi kukipata bila kujua, hivyo msikitumie kutafutana mchawi ndani ya nyumba.

Tulipojaribu mwezi wa tatu baada ya mionzi, nilihisi kama anagonga ukuta. Maumivu ya kuchanika, na matone ya damu kwenye shuka. Mume wangu akarudi kwenye mkeka, na safari hii sikumlaumu.

Sasa hapa ndipo nilipokosea, na ndiyo sababu ya kuandika haya yote. Nilikwenda kwenye zahanati moja (siitaji) nikasema "naumwa huku chini". Nikapimwa mkojo, nikapewa vidonge vya yutiai. Wiki mbili baadaye nikarudi na maneno yale yale, nikapewa vidonge vingine. Simlaumu sana yule kijana, alitibu alichoambiwa. "Huku chini" ni nyumba yenye vyumba vitatu, na mimi sikusema chumba gani.

Klinika ya saratani ilipofika nikamwambia daktari naendelea vizuri, labda kama mkeo anavyomwambia wake. Nilipopanda kitandani kuangaliwa, kile chombo cha kufungulia uke hakikuingia. Sista akachukua kidogo kuliko vyote, nacho kikaingia kwa shida. Ndipo akaniuliza, sauti ya chini, "Mama, mnakutana na baba?"

Alinielezea hivi. Mionzi inaua saratani lakini inajeruhi pia ngozi laini ya ndani ya uke. Kidonda kikipona, kuta mbili zinazogusana zinaweza kushikana, na kovu linavuta uke uwe mfupi na mwembamba. Juu ya hapo, ovari zilizopigwa mionzi zinaacha kazi, kwa hiyo hata mwanamke wa miaka 38 anaingia ukomo wa hedhi ghafla: joto la kupanda usiku, na uke mkavu usiotoa ute hata akitamani. Kwa hiyo mkeo anaweza kukutaka moyoni, mwili ukakataa. Haya ni mambo mawili, na wewe ukiona hili usihukumu lile.

Na kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi. Uke ukifunga, daktari hawezi kuiona shingo ya kizazi pale anapotafuta kama ugonjwa unarudi. Kwa hiyo hata mjane asiye na mpango wa mwanaume anatakiwa kuutunza ubaki wazi. Mimi hili ndilo lililoniondolea aibu. Kabla ya hapo nilijiona mama mzima anayekwenda hospitali kuulizia starehe.

Kinachotumika ni kipanuzi, kijiti laini cha plastiki chenye ncha ya mviringo, kinakuja kwa saizi kuanzia kidogo kama kidole. Kwa kawaida wanaanza kama wiki nne baada ya mionzi kuisha, uvimbe ukishatulia na daktari akishaangalia. Mimi nilianza mwezi wa tano baada ya mionzi, nikahangaika zaidi. Mkeo bado yuko ndani ya muda, ila msingoje.

Nilivyofundishwa: kioshe kwa sabuni na maji ya vuguvugu, kipake jeli ya maji, lala chali magoti yamekunjwa. Vuta pumzi, na unapoitoa ndipo unaingiza taratibu, mpaka usikie msukumo. Msukumo, siyo maumivu. Kiache dakika tano hadi kumi, kizungushe kidogo, kitoe. Mara tatu kwa wiki, saizi ikizoeleka unapanda inayofuata. Niliambiwa nisiache kabla ya mwaka, na sista alipenda ifike miaka miwili. Asiyepata kipanuzi anaweza kutumia kidole safi, chake au cha mumewe, kucha zimekatwa, jeli ya kutosha. Sisi tulianza na kidole changu kwa sababu vipanuzi vilikuwa vimeisha. Kulazimisha hakusaidii, kunachana tu, na pakishashikana sana ni kazi ya daktari.

Matone mekundu kidogo baadaye ni kawaida. Damu ya kuhitaji pedi, uchafu wenye harufu unaorudi, mkojo au choo kupitia ukeni, au mguu mmoja kuvimba, usisubiri tarehe ya klinika, mpeleke.

Jeli iwe ya maji. Vaselini na mafuta ya nazi yanaharibu kondomu za mpira, na kondomu mwanzoni zilitusaidia maana shahawa zilinichoma. Kuna pia krimu ya homoni ya kupaka ukeni kwa dozi ndogo. Hii msinunue wenyewe. Muulizeni daktari ripoti ya patholojia inasema saratani ni ya aina gani, kwa sababu ile ya kawaida ya seli bapa haichochewi na homoni, wakati aina ya tezi wanakuwa waangalifu zaidi. Yangu ilikuwa seli bapa, nikaruhusiwa. Na jirani yenu mwenye saratani ya titi asije akaazima hiyo krimu, yake ni hesabu nyingine kabisa.

Labda humjui wa kumuuliza. Klinika iliyofuata nilikwenda na karatasi ya daftari la mtoto, nimeandika nyumbani: "Tendo la ndoa linauma. Uke umebana na ni mkavu. Naomba niangaliwe na sista wa kike, mume wangu awepo tukielekezwa." Nilimpa sista mlangoni, kabla ya kuingia kwenye chumba chenye daktari na wanafunzi watatu. Ule mdomo wangu usingelitamka neno *uke* mbele ya wale vijana, lakini karatasi ililitamka. Tuliitwa pembeni. Mume wangu akauliza yeye mwenyewe habari ya kuunguzwa na mionzi, sista akamjibu bila kucheka, na nadhani jibu lile lilimtibu kuliko langu la uani, maana mimi ni mkewe, naweza kumfariji tu.

Kuhusu kitandani penyewe, sitasema mengi, watoto wanasoma humu. Tuliweka wiki sita za kutokuingiliana kabisa, kwa makubaliano, tena kwa kutamka. Kabla ya hapo kila akinigusa bega nilikakamaa, nikihesabu kwamba mwisho wake ni maumivu. Ilipojulikana kwamba mkono hauna safari, nikaanza kuusikia tena. Alikuwa ananipaka mafuta kwenye ile ngozi nyeusi ya mapajani, na taa inawaka, nilichokuwa nimekikataa miezi yote. Aliiangalia. Akasema inafanana na ngozi ya goti lake, na kweli inafanana.

Tuliporudi, mimi nilikuwa juu, au tumelala ubavu, ili kina nikipime mwenyewe, kwa kuwa uke unakuwa umefupika na akisukuma yeye anagonga kovu. Tulikubaliana neno moja: nikisema "ngoja", anasimama bila kuuliza kwa nini wala kuomba radhi. Hilo la kutoomba radhi lilikuwa muhimu kuliko nilivyodhani. Kila alipoomba radhi nilijiona mgonjwa, na tendo likaishia hapo.

Siku nyingine linauma mpaka leo, na hamu yangu haijarudi ilivyokuwa. Mkeka umerudi jikoni.

Kwa hiyo, kaka, usianze na kuuliza kwa nini hataki. Mwambie kwanza wewe unaogopa nini, tena usiku, taa imezimwa. Halafu uliza tarehe ya klinika, chukueni karatasi muandike pamoja, neno lenyewe liandikwe kama lilivyo. Na wewe uingie naye, usibaki kwenye benchi la nje na akina baba wengine wanaochezea simu.