Vazi lina usawa au lina uwiano?

*Shikamoo Mwalimu. Nauza nguo mtandaoni na maelezo ya picha naandika mwenyewe. Blauzi ya kubana ikivaliwa na suruali pana, au kitopu na suruali ya kiuno cha juu, nataka kusema vazi lina balansi. Niandike usawa, ulinganifu, mizani au uwiano? Na suruali pana naweza kusema inapwaya?*

Marahaba, dada. Andika uwiano.

Usawa ni hali ya vitu kulingana, na vazi unalolisifu limependeza kwa sababu juu na chini havilingani. Ulinganifu nao unafaa kwa bega la kulia na la kushoto, au mikono miwili ya blauzi. Mizani ina mvuto wake, lakini kwa msomaji wa mashairi inaleta hesabu ya silabi, na katika shairi la mizani 16 vipande viwili vya mshororo aghalabu hugawana 8 kwa 8. Hapo tumerudi kwenye kulingana.

Uwiano umetoka kwenye kitenzi *wia*, yaani kumdai mtu. Wanaowiana wanadaiana. Ndivyo lilivyo vazi lako: upana uliopunguzwa juu unadaiwa chini, na chini inaulipa.

Chukua mteja ambaye kutoka begani hadi kitovuni ni sentimita 38, na kutoka hapo hadi sakafuni ni 98. Akivaa blauzi ya sentimita 60 akaiachia nje, juu inaonekana 60 na chini 76. Jicho linaona vipande viwili vinavyokaribiana, na miguu inaonekana mifupi. Akiichomekea blauzi hiyohiyo, au akivaa kitopu kinachoishia pale mkanda unapoanzia, inakuwa 38 kwa 98, karibu 2 kwa 5. Huwezi kuiita 2 kwa 5 usawa, ila uwiano ndilo jina lake tangu darasa la hesabu. Kwa hiyo andika: “Blauzi imeshika mwili, suruali imeachia, juu na chini vinawiana.”

Kupwaya kuache kabisa. Kiatu kinapwaya mguu ukiwa mdogo, na suruali inapwaya mtu akikonda. Ni neno la lawama, la nguo iliyokosa mwenyewe. Mteja akisoma “suruali inapwaya” ataelewa kwamba saizi zako ni kubwa, na ataagiza ndogo kuliko yake. Upana uliokusudiwa na fundi useme *pana*, au *bwanga* kama wateja wako ni wa Tanzania. Usiichanganye bwanga na bugaluu ya miaka ya 1970: bugaluu inabana mapajani na kufunguka kuanzia magotini, bwanga ni pana tangu pajani.

Kubana nako kuna pande mbili, na kinachozitenga ni umbo la kitenzi. “Blauzi ya kubana” ni mtindo. “Blauzi inabana” ni malalamiko. Anayesema hivyo anataka mshono uachiwe kwapani. Tena neno hili limebeba lawama ya maadili kwa muda mrefu. Operesheni Vijana ya vijana wa TANU, iliyotangazwa mwaka 1968, ilizipiga vita minisketi na suruali za kubana. Ndiyo maana mimi napenda zaidi *inashika mwili*. Na nguo ikiwa saizi yake hasa, sema *imemkaa*.

Kitopu ni neno zuri, watu wanalo mdomoni. Ila liongezee mahali kinapoishia, kwa sababu *ki-* ya udogo inaweza kumfanya mtu adhani ni nguo ya mtoto. Nimekutana pia na “blauzi iliyokatwa”. Hiyo mie naiona kama imepita mkasi kwa bahati mbaya. “Blauzi fupi” inatosha.

Lililobaki ni hilo la kiuno cha juu, na hapa ndipo wateja wengi watakaporudisha mzigo. Kiuno chetu ni kipana kuliko unavyodhani. Anayejifunga kikoi kiunoni mara nyingi anakifunga chini ya kitovu, na fundi mzuri ukimwambia “ishie kiunoni” atakuuliza wapi hasa, kisha ataweka kidole. Tena kinachopanda ni mkanda wa suruali, kiuno cha mtu kiko palepale. Andika “suruali ya mkanda juu ya kitovu”, na kitopu “kinaishia kitovuni”. Ukiandika vyote viwili “kiunoni”, mmoja atapima kitovuni na mwingine nyongani, na katikati patabaki tumbo wazi ambalo huenda mnunuzi hakulitaka.