Mapipa mawili, mgeuzo wa Laplace na kinyume cha matriksi

Wanafunzi wa uhandisi ninaowafundisha wikendi hapa Ngara huniletea swali lilelile kila muhula: milinganyo miwili tofautishi ya daraja la kwanza, x ikitegemea y na y ikitegemea x, itatuliwe kwa mgeuzo wa Laplace. Wengi wao huitoa Y kwenye mlinganyo mmoja na kuipachika kwenye wa pili. Jibu linapatikana, sikatai. Lakini mtahini akibadilisha kiasi cha mwanzo katika sehemu ya (b), unaanza moja. Mimi ningekushauri utafute kinyume cha matriksi kwanza, kikiwa na s peke yake, kabla hujagusa tarakimu zozote za mwanzo.

Chukua mapipa mawili ya lita 200, kama yale yanayojaa kwenye ploti zetu siku za mgao wa maji. Maji safi yanaingia pipa la kwanza kwa lita 300 kwa saa. Pampu inapeleka lita 400 kwa saa kutoka la kwanza hadi la pili, lita 100 zinarudi la kwanza, na 300 zinatoka la pili kwenda mferejini. Ukijumlisha yanayoingia na kutoa yanayotoka, kila pipa linabaki na lita zake 200. Sasa mwaga gramu 400 za chumvi katika pipa la kwanza na udhani maji yanakorogeka vizuri muda wote. Tuite chumvi ya pipa la kwanza x, ya pili y, kwa gramu, na muda t uwe wa saa.

Kila lita ya pipa la kwanza ina gramu x/200, na lita 400 zinaondoka kila saa, kwa hiyo zinabeba gramu 2x. Vivyo hivyo, yanayorudi yanabeba 0.5y, na pipa la pili linapoteza jumla ya 2y:

```
x' = -2x + 0.5y
y' =  2x - 2y
```

Mgeuzo tunaoutumia ni wa upande mmoja, yaani unajumlisha kuanzia t = 0 kwenda mbele. Yaliyotokea kabla ya hapo hayahesabiwi, isipokuwa kile kilichobaki ndani ya pipa saa ilipoanza. Ndiyo maana x' inageuka kuwa sX - x(0). Peleka X na Y zote kushoto, uache viwango vya mwanzo kulia:

```
[ s+2   -0.5 ] [X]   [x(0)]
[ -2     s+2 ] [Y] = [y(0)]
```

Hapa ndipo alama huwachanganya watu. Matriksi ya kushoto ni sI - A, ambapo A ni matriksi ya namba zinazozidisha x na y katika milinganyo yetu, kwa hiyo kila kiingizo cha A kimebadilishwa alama: 0.5 imekuwa -0.5, na 2 imekuwa -2. Kisha ukitafuta kinyume, unabadilishana vya mshazari mkuu na kugeuza tena alama za vile viwili vingine. Vimegeuzwa mara mbili, basi vimerudi vilivyokuwa mwanzo:

```
                 1         [ s+2   0.5 ]
(sI-A)^-1 = ------------ · [           ]
            (s+1)(s+3)     [  2    s+2 ]
```

Ditaminanti ni (s+2)² - 1, yaani s² + 4s + 3. Kinga nzuri ni hii: viingizo vilivyo nje ya mshazari mkuu katika kinyume lazima vifanane kabisa na vile vya A, alama na yote. Ukiona -2 mahali pa 2, simama hapo hapo. Alama hiyo ingedai kwamba chumvi ya pipa la kwanza inaipunguza ile ya pipa la pili, na mwisho ungepata pipa lenye gramu hasi.

Sasa ndipo ulete kiasi cha mwanzo. Kwa x(0) = 400 na y(0) = 0, unahitaji safuwima ya kwanza tu, mara 400:

```
X = 400(s+2) / ((s+1)(s+3))
Y = 800 / ((s+1)(s+3))
```

Kutenganisha sehemu hizi, njia ya kufunika ya Heaviside inatosha: funika (s+1), weka s = -1 kwenye kilichobaki, halafu fanya hivyo kwa (s+3) na s = -3. Kwa X unapata 200 na 200. Kwa Y, 400 na -400.

```
x = 200e^(-t) + 200e^(-3t)
y = 400e^(-t) - 400e^(-3t)
```

Usikimbilie swali linalofuata. Ukiweka t = 0 utapata 400 na 0, lakini hiyo haitoshi, kwa sababu majibu mengi yenye makosa hupita mtihani huo. Mimi hupenda kutazama kilele cha y. Mlinganyo wa pili unasema y' = 2(x - y), kwa hiyo pale y inapofika juu kabisa, mapipa yote mawili lazima yawe na chumvi sawa. Kutoka kwenye jibu, y' ni sifuri pale e^(2t) = 3, yaani saa 0.549, kama dakika 33. Hapo x ni gramu 154, na y ni gramu 154. Jibu lenye kosa ni nadra kukupa ulingano huo.

Faida ya kuwa na kinyume kizima utaiona swali likibadilika. Tuseme sasa mapipa yote hayana chumvi, ila maji yanayoingia ni ya kisima na kila lita ina gramu 1. Hizo ni gramu 300 kwa saa, na mgeuzo wake ni 300/s, juu kwenye pipa la kwanza. Unazidisha safuwima ileile:

```
X = 300(s+2) / (s(s+1)(s+3))
x = 200 - 150e^(-t) - 50e^(-3t)
```

Na kabla hata hujarudi upande wa t, zidisha X kwa s kisha weka s = 0: 300 × 2 / 3 = 200. Pipa la lita 200 linaishia na gramu 200, gramu moja kwa lita kama maji ya kisima yenyewe. Njia hii ya mkato inafaa tu ikiwa baada ya kuzidisha kwa s, mizizi yote ya ditaminanti iliyobaki ni hasi, kama -1 na -3 hapa. Mzizi ukiwa chanya, itakupa tarakimu safi isiyo na maana yoyote.

Mizizi inaweza pia kujirudia. Rudi kwenye gramu zetu 400, funga bomba la kurudisha, na maji yanayoingia na kutoka yawe lita 400 kwa saa. Ditaminanti inakuwa (s+2)², na Y = 800/(s+2)². Ukiandika sehemu mbili zote juu ya (s+2) hutafika popote; jibu ni y = 800te^(-2t), na ile t ya mbele ndiyo alama ya mzizi uliojirudia.

Ukifunga bomba hilo bila kuongeza yanayoingia, pipa la kwanza linapoteza lita 100 kila saa. Namba inayozidisha x si -2 tena, ni -400/(200 - 100t), na mgeuzo wa kitu kama t·x unaleta kinyambuo cha X kwa s, kwa hiyo matriksi haikusaidii. Tenganisha x na t kwa mkono: x = 25(2 - t)^4, hadi pipa likauke saa ya pili.