Vinyweleo vya ngozi, bizimu na bitana katika picha moja

Swali: "Mkoba wangu wa ngozi nyeusi kwenye picha unaonekana kama plastiki, bizimu ina doa jeupe na ndani ni giza. Nifanyeje?"

Dada yangu, mwanga unaotoka upande wa kamera hauachi kivuli ndani ya vinyweleo vya ngozi, ndiyo maana vinapotea. Kuna mwenzetu aliyekushauri utumie flashi; yuko sahihi kwamba ngozi nyeusi inahitaji mwanga mwingi, lakini flashi ya simu ndiyo inayoleta hilo doa. Izime, uweke mkoba karibu na dirisha lisilopigwa na jua, ambalo hapa Tanga asubuhi ni la upande wa magharibi, kisha uuzungushe taratibu mpaka mwanga uupitie kwa mshazari na vinyweleo vijitokeze.

Bizimu huonyesha kile kinachoitazama. Baada ya kufuta alama za vidole, isogezee manila kubwa nyeupe hadi mng'ao uenee, ila uache ukingo mmoja uakisi giza, la sivyo shaba itafifia na kuwa kijivu.

Bitana ipige picha yake ya pekee. Shika karatasi nyeupe mbele ya mdomo wa mkoba ili irudishe mwanga ndani, kisha gusa bitana kwenye skrini ili simu ipime mwanga hapo; ngozi ya nje itapauka, na hilo halina neno.

Kuna msomaji mwingine aliyetaja kikapu chake cha ukili; mwanga wa mshazari unamfaa pia. Ngozi iliyopakwa vanishi ni shauri jingine, kwa kuwa huakisi chumba kizima.