Kibaba, ratili na "k.ch": kutafsiri maelezo ya nyanya ya mkate wa kumimina

Swali: *Nina daftari la marehemu nyanya yangu lenye maelezo ya mkate wa kumimina. Binti yangu anaishi Uingereza na ameniomba nimtafsirie kwa Kiingereza. Yameandikwa hivi: "Mch. kbb 1 mfuto. Nazi 2, kasimele tu. Suk. rtl ½. Ham. k.ch 1. Ilk. k.ch ½. Yai 1, ute. Ukifura mimina, upalie dk 10." Kibaba chenyewe kimepotea. Sijui k.ch ni kijiko au kikombe, wala niandike gramu ngapi. – Msomaji, Kibokoni, Mombasa*

Jibu: Dada yangu, usianze na Kiingereza. Anza kwa kunakili karatasi herufi kwa herufi, vifupisho na makosa yake yote, bila kusahihisha kitu. Chini ya nakala hiyo andika Kiswahili kilichofunguliwa, yaani kila kifupisho kikiwa neno zima, na kila neno uliloliongeza wewe ulitie ndani ya mabano ya mraba. Ukishamaliza hapo ndipo utafsiri. Anayeruka hatua ya katikati hukisia kipimo na kukitafsiri kwa mpigo mmoja, na mkate ukiharibika hajui tena kosa liliingilia wapi. Palipo na doa la mafuta, peleka daftari dirishani mchana na uliinamishe hadi mwanga uje kwa upande. Alama ya kalamu iliyobonyea karatasini huonekana hata wino ukiwa umefifia.

Ukinakili, itazame vizuri hiyo "dk 10". Wazee wengi wa Mombasa waliosoma chuoni waliandika maneno kwa herufi za Kizungu na nambari kwa Kiarabu, wakati mwingine katika mstari mmoja. Tano ya Kiarabu ni kiduara kama sifuri yetu, na sifuri yao ni nukta. Moja inafanana kote kuwili. Kwa hiyo unachokisoma kumi huenda ni kumi na tano. Tafuta 2 au 4 popote katika daftari hilo uone aliziandika vipi. Kama ni za Kiarabu, dakika ni 15, na kwa mkate huu 15 ina mantiki zaidi.

Tuje kwenye "k.ch". Kifupisho hiki kinaweza kuwa kijiko cha chai au kikombe cha chai, na mwandishi mmoja anaweza kukitumia kwa vyote viwili kwa sababu yeye mwenyewe hakuwa na shaka. Kinachoamua ni uwiano na vitu vingine. Kikombe cha chai katika mapishi ya zamani ya Kiingereza, ambayo yaliingia katika jikoni nyingi za pwani, ni robo painti, karibu mililita 140. Hamira kavu ya ujazo huo ingekuwa na uzito wa karibu gramu 85 hadi 90. Kibaba kimoja cha mchele kinataka gramu 3 au 4 tu. Basi hapa ni kijiko, na kwenye iliki vilevile. Lakini usiubebe uamuzi huu hadi kurasa nyingine. Ukikuta "maziwa k.ch 2" kwenye kaimati au keki, huenda hicho ni kikombe.

Kijiko chenyewe andika mililita 5, cha mfuto, yaani kilichosawazishwa juu. Kijiko kilichojazwa kwa kilima hubeba karibu mara mbili, na hamira ikizidi hivyo unga hufura haraka, hunuka uchachu, kisha hushuka ukishamiminwa, na mkate hutoka bapa wenye mashimo makubwa. Kuna jambo jingine binti yako anapaswa kuambiwa: hamira ya zamani ilikuwa ya chembe kubwa zinazoamshwa kwanza kwa maji ya uvuguvugu na sukari kidogo. Akitumia ya kisasa ya chembe ndogo, inayotiwa moja kwa moja, robo tatu za kijiko zinamtosha.

Ratili haina taabu. Ni ile pauni ya gramu 454, na wakia ni gramu 28, kwa hiyo nusu ratili ni gramu 227. Andika 225. Hakuna aliyepima gramu 2 za sukari katika jikoni hiyo, na nambari yenye usahihi wa kupita kiasi humfanya msomaji aamini kipimo kuliko macho yake.

Kazi kubwa ni kibaba. Kibaba ni kipimo cha ujazo. Hakikuwa kipimo cha uzito, na hapo ndipo tafsiri nyingi zinapokosea. Vibaba viwili ni kisaga, na vinne ni pishi. Kamusi za zamani hukadiria kibaba kwa namna mbili: ama painti moja, yaani mililita 568, ama ratili moja na nusu ya nafaka. Makadirio haya hayalingani. Painti ya mchele mkavu ina karibu gramu 480, na ratili moja na nusu ni gramu 680. Tofauti hiyo ya gramu 200 inatosha kuugeuza mkate kuwa jiwe. Nyanya yako alikusaidia kwa neno "mfuto", maana kibaba cha mfuto kimepitishwa ubao juu kikawa sawa na ukingo. Angeandika "tele", kingekuwa na kilima, na kilima kwenye chombo kipana huongeza mchele mwingi. Neno hilo usilitupe katika tafsiri. Liandike kama maelekezo: chombo kijazwe, kisha kisawazishwe.

Kibaba kingekuwapo, au hata kopo walilolitumia badala yake, ungelijaza maji na kuyapima kwenye mizani ya jikoni; kila gramu ya maji ni mililita moja. Uliza kwa shangazi na wajomba kabla hujakata tamaa, maana vyombo hivi huishia ndani ya gunia la mchele. Kisipopatikana kabisa, mkate wenyewe utatuamulia.

Sukari haitoshi kuamua. Kwa mchele wa gramu 480, gramu 225 ni karibu asilimia 47 ya mchele. Kwa 680 ni asilimia 33. Mapishi ya siku hizi hukaa katikati, karibu gramu 150 kwa mchele wa gramu 400, na familia hutofautiana kwa utamu. Kinachoamua ni kasimele, yaani tui zito la kwanza. Unga wa mkate huu hauvumilii ukavu: mchele wa gramu 400 unataka karibu mililita 420 za tui.

Fanya jaribio la robo, na ulifanye wewe, kwa kuwa nazi mbichi unazo na ladha unaikumbuka. Kwa kila fungu la mchele ikune nusu nazi, uikamue kwa nusu kikombe cha maji ya uvuguvugu, na upime kinachotoka. Tarajia karibu mililita 125. Roweka usiku kucha gramu 120 za mchele, ambazo ni robo ya 480, na pembeni gramu 170, ambazo ni robo ya 680. Asubuhi chuja na usage kila fungu na tui lake na gramu 56 za sukari. Fungu la 120 litasagika likawa kama uji mzito unaomiminika kwa utepe. La 170 litakuwa zito mno, visu vya blenda vitazunguka patupu, na utajikuta unaongeza maji. Maelezo ya nyanya hayataji maji, na jina la mkate wenyewe linadai umiminike. Kwa vipimo alivyokuachia, kibaba chake kilikuwa kile cha painti. Andika "takriban gramu 480 za mchele", na chini yake eleza kwamba nambari imepatikana kwa jaribio. Usifiche hilo, kwa sababu siku kibaba kikionekana mtu atataka kujua ni mstari upi wa kusahihisha.

Nazi mbili, kwa hiyo, ni karibu mililita 500 za kasimele. Kwa binti yako hiyo ni kopo moja la mililita 400 na robo ya jingine. Asome lebo achague lenye kiwango kikubwa cha nazi, na alitikise kabla ya kufungua. Lile lililopunguzwa mafuta ni sawa na tui la pili, na mkate wake hukauka siku hiyohiyo. Nyanya alisema "kasimele tu" kwa kukusudia, kwa hivyo na neno "tu" lionekane katika Kiingereza.

Mstari wa mwisho ndio utakaomponza anayetegemea kamusi, kwa kuwa "palia" atakuta ni kung'oa magugu. Jikoni, kupalia ni kuweka makaa ya moto juu ya kifuniko ili chakula kiive juu na chini. Ufungue mstari huo kwa hatua: unga ukishafura maradufu, changanya ute wa yai taratibu kwa mwiko, usipige mapovu yakatoka, pasha sufuria iliyopakwa mafuta mpaka iwe moto kweli, mimina, na uache kwenye moto mdogo hadi kando zishike na vitundu vionekane juu. Sufuria ikiwa baridi, mchele uliosagwa huzama na kufanya tabaka gumu chini kabla mkate haujashika. Kisha, badala ya makaa, aingize kwenye oveni ya nyuzi 180. Dakika za makaa hazilingani na za oveni, kwa hiyo mwandikie dakika 20 hadi 25, na kwamba kijiti kikichomwa katikati kitoke kikavu.

Kitu ambacho karatasi haikitaji ni ukubwa wa sufuria, kwa sababu nyanya alikuwa na ile yake. Kwa vipimo hivi unga ni lita moja na kidogo kabla ya kufura. Mweleze agawe katika sufuria mbili za sentimita 20 kila moja. Akiutia wote katika moja, juu utakuwa kahawia na katikati bado ni uji.