Angalia kistari kwanza, maneno baadaye

Wengi wanaoanza kunakili sabtaito kutoka picha za skrini huhangaika na kasi ya kuchapa. Kasi itakuja. Faili zinazorudishwa hapa kwetu Kigoma mara nyingi hazina shida ya maneno. Shida ni kile kistari cha mwanzo wa mstari, na mahali mstari ulipokatwa.

Chukua video ya wauza dagaa pale Kibirizi. Umepewa picha tatu zinazofuatana, nazo zinasomeka hivi:

```
-Dagaa hawa wa lini?
-Wa usiku huu, mama.

-Ndoo shilingi ngapi?
-Elfu ishirini, ila kwako...

...tutaongea vizuri,
wewe ni mteja wangu.
```

Picha mbili za kwanza zina wasemaji wawili, kila mmoja na kistari chake. Ukiziunganisha kwenye mstari mmoja na kuondoa vistari, mnunuzi anakuwa amejiuliza na kujijibu mwenyewe. Picha ya tatu ndiyo inayowanasa wageni: wakiona mistari miwili wanaweka vistari viwili. Hapo anasema muuzaji peke yake. Mstari umekatwa kwa sababu ya nafasi tu, maana miongozo mingi inaruhusu herufi kama 42 kwa mstari, na mistari miwili kwa wakati mmoja. Zile nukta tatu zinaonyesha kwamba sentensi imevuka kutoka picha moja hadi nyingine, kwa hiyo nazo zinanakiliwa, mwishoni na mwanzoni. Usivute neno "tutaongea" lipande juu eti sentensi ikamilike. Atakayepanga muda anafuata kilichoonekana kwenye skrini sekunde ile, na mhakiki atalinganisha mstari kwa mstari.

Sasa, kuna video ambazo kistari huwekwa kwa msemaji wa pili tu, wa kwanza hana. Huo ni mtindo, usimsaidie mwandishi kwa kuongeza. Vilevile wengine huacha nafasi baada ya kistari na wengine hawaachi. Fuata video yako ilivyo, toka picha ya kwanza mpaka ya mwisho.

Lakini utajuaje kama kistari hakipo kweli au kimemezwa na mwanga? Ziwa Tanganyika mchana ni jeupe, na sabtaito nyingi ni nyeupe pia. Angalia picha inayofuata kwanza. Sabtaito moja hukaa sekunde kadhaa, kwa hiyo mara nyingi maneno yaleyale yapo tena juu ya shati jeusi au mbao za mtumbwi, na kistari kinaonekana bila ubishi. Kama hakuna picha ya pili, na mistari imepangwa kuanzia kushoto, tazama herufi za mwanzo. Herufi ya kwanza ya mstari wa juu ikiwa imesimama sawasawa juu ya herufi ya kwanza ya mstari wa chini wenye kistari, basi juu nako kuna kistari kilichofichika. Ikiwa imesimama juu ya kistari chenyewe, hakuna. Mistari ikiwa imewekwa katikati, kipimo hiki hakifai. Andika ulichokiona na uweke alama kwa mhakiki. Neno lisilosomeka nalo liandikie `[haisomeki]`, usibahatishe hata kama unaona wazi kwamba lazima lilikuwa "mgebuka".

Hayo maneno yanayojirudia kwenye picha mbili huandikwa mara moja, isipokuwa umeagizwa kila picha iwe na maandishi yake. Uliza kabla hujaanza. Bango la duka au jina la kituo cha televisheni pembeni si sabtaito, liache.

Chapa kwenye Notepad, usitumie Word. Ukianza mstari kwa kistari na nafasi, Word inaweza kukigeuza kuwa alama ya orodha. Nukta tatu inazifanya herufi moja, na vistari viwili vya mtu aliyekatizwa inavigeuza kimoja kirefu. Wewe utaona ukurasa umependeza, ila ukiuhamisha, vistari vinaweza kupotea. Hifadhi kwa UTF-8.

Ukimaliza, pitia mara moja mianzo ya mistari peke yake: picha kushoto, faili kulia, hesabu vistari bila kusoma maneno. Kisha pitia miisho. Maneno yasome mwisho kabisa, kwa sababu ukianza nayo jicho linafuata hadithi na kuruka alama.

Kwenye kutuma, usibandike maandishi ndani ya ujumbe wa WhatsApp, maana nayo inaweza kugeuza vistari kuwa orodha. Tuma faili kama dokumenti. Na picha ukiombwa uzirudishe, zitume vivyo hivyo, la sivyo zinabanwa na mhakiki haoni kistari chochote.