Maswali na Majibu: Cha Kuziba Kabla ya Kutuma Skrinshoti

*Shikamoo. Kamati ya harusi hapa Makorora inataka kila anayechanga abandike ujumbe wa muamala kwenye kikundi cha WhatsApp. Nizibe nini, niache nini?* (Msomaji, Tanga)

Marahaba. Usome ujumbe huo kuanzia mstari wa kwanza. Utakuta namba ya muamala, kiasi ulichotuma, jina na namba ya mpokeaji, tarehe na saa, kisha salio lililobaki. Kamati inahitaji kiasi, tarehe na jina la mpokeaji tu, ambaye ni mweka hazina na wote wanamfahamu. Mengine yote yazibe.

Wengi hukumbuka kuziba salio kwa sababu wanaona haya, wakaiacha wazi namba ya muamala ambayo ndiyo inayomfaa zaidi tapeli. Namba yako ya simu ameshaiona kikundini. Akikupigia jioni akajitambulisha kuwa ni mhudumu wa wateja, akakusomea namba ya muamala, kiasi na hata dakika uliyotuma, utaona ni mtu wa mtandao kweli, na hapo ndipo atakapodai kuwa fedha zimekwama na kukutaka utaje namba ya siri ili azifungue. Mweka hazina akihitaji namba ya muamala kwa ajili ya daftari lake, mtumie yeye peke yake, faraghani.

Naomba kamati nazo zinisikie. Hakuna sababu ya kuwalazimisha watu mia mbili waanike stakabadhi zao mbele ya wageni wasiojuana. Mweka hazina aandike orodha ya majina na kiasi, naye mwenye shaka amwendee na ujumbe wake mkononi.

*Ninauza samaki Bagamoyo. Huwa naweka skrinshoti za wateja waliolipa ili wengine waniamini. Jina naliacha, ila naziba tarakimu tatu za mwisho za namba ya simu. Yatosha?* (Mfanyabiashara)

Haitoshi. Tarakimu tatu zinaweza kupangwa kwa namna 1,000 tu, na mitandao yetu ya fedha humwonyesha mtumaji jina la mwenye namba kabla hajathibitisha kutuma. Kwa hiyo anayemtafuta mteja wako ana tarakimu saba ulizomwachia, ana jina la kulinganishia, na hahitaji kutuma hata shilingi moja ili kujua kama amepatia. Ukiliacha jina, namba izibe yote.

Kuna kosa la pili ambalo huonekana pale tu picha zako zinapowekwa pamoja. Mteja yuleyule akinunua tena wiki inayofuata, nawe safari hii ukaziba tarakimu za mwanzo na kuacha za mwisho, basi picha mbili ulizodhani ni salama zimeitoa namba nzima. Chagua sehemu moja ya kuziba na uizibe hivyo siku zote.

Tena, je, mteja alikukubalia? Jina na namba yake ni taarifa zake binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, haikuandikwa kwa ajili ya benki na makampuni makubwa peke yao. Muulize kabla, na akisita, usiweke.

*Nimeziba namba ya akaunti kwa kalamu nyeusi ya kwenye simu, lakini mwenzangu anasema bado anaisoma. Anaisomaje?* (Msomaji, Ngamiani)

Swali hili nimekwisha kulijibu, na bado linarudi kila mara kwa sababu watu wanatazama weusi kwa macho na kuridhika. Katika programu nyingi za kuhariri picha kuna kalamu ya kuchora na kuna kalamu ya kukolezea maandishi. Hii ya pili hupaka rangi inayopitisha mwanga, hata ukiichagua nyeusi na kuipitisha mara nne au tano. Jicho halioni kitu, lakini ndani ya picha nukta zilizokuwa maandishi bado zimeizidi weusi kidogo karatasi iliyokuwa nyeupe. Mwenzako amepandisha mwangaza wa picha hadi mwisho, tofauti ile ndogo ikakua, tarakimu zikajitokeza.

Jipime mwenyewe kabla ya kutuma: ifungue picha uliyokwisha kuziba, ingia sehemu ya kuhariri, sukuma mwangaza hadi juu kabisa, kisha uchezeshe na vivuli. Ukiona hata alama ya herufi, haijazibwa. Dawa yake ni kutumia umbo la mstatili lililojazwa rangi nyeusi tii, usiopitisha mwanga hata kidogo, na uufanye upite pembeni mwa maandishi ili hata idadi ya tarakimu isihesabike. Ukimaliza, piga skrinshoti ya picha hiyo iliyozibwa na utume hiyo mpya. Ile ya awali iondoe mahali unapochagulia picha za kutuma, maana wengi huziba vizuri kisha wakagusa picha isiyo yake.

*Si bora kutia ukungu kuliko weusi? Unapendeza zaidi.* (Msomaji, Chumbageni)

Kwa tarakimu, hapana. Ziko kumi tu na mwandiko wa simu unajulikana, hivyo mtu mwenye programu huzitia ukungu zote kumi na kulinganisha na picha yako hadi zifanane.

*Nikikata sehemu nisiyoitaka badala ya kuiziba, kuna hatari?* (Msomaji, Bagamoyo)

Kukata ndiko kuzuri kuliko yote, kwa sababu kisichokuwapo hakisomeki. Lakini mwaka 2023 iligundulika kuwa kihariri cha picha cha simu za Google Pixel kilikuwa kikihifadhi picha iliyokatwa juu ya faili la zamani bila kufuta mkia wake, kiasi kwamba sehemu iliyokatwa iliweza kurudishwa. Hitilafu hiyo imeandikishwa kwa namba CVE-2023-21036, na nyingine inayofanana nayo ilipatikana katika Snipping Tool ya Windows 11. Zote zilirekebishwa, ila marekebisho hayaponyi mafaili yaliyokwisha kutumwa kabla. Skrinshoti ya pili niliyoieleza juu inakukinga hapa pia, kwa kuwa ni faili jipya lisilo na mkia.

*Kitambulisho cha NIDA nimeziba tarakimu nne za mwisho.* (Msomaji, Pongwe)

Ziba zote 20. Nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa.

*Nataka kuonyesha mazungumzo ya kikundi cha wazazi wa shule. Nimeziba nyuso za watoto kwenye picha. Kuna kingine?* (Mzazi, Raskazone)

Kipo, tena kingi. Tazama jina la kikundi juu, viduara vya picha za wazazi pembeni mwa kila ujumbe, na majina yaliyoandikwa kwa rangi. Kisha tazama sare: nembo ya shule kifuani inamtambulisha mtoto kwa mtu wa Tanga upesi kuliko uso wake, hasa ikiwa mama yake ameandika chini yake kwamba huyu ni wangu. Hapo ziba mtoto mzima, si uso pekee. Na kama unachotaka kuonyesha ni tangazo la ada, kata mstari huo mmoja, picha ya watoto isiingie kabisa.

*Tapeli amenitumia ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii." Nizibe namba yake?* (Msomaji, Mabawa)

Kikundini, izibe, kwa kuwa laini hiyo huenda imesajiliwa kwa kitambulisho cha mtu asiye na habari. Ujumbe wenyewe upeleke mzima kwenda 15040, kisha piga *106# uangalie ni laini zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako.