Hidramu inakataa kupandisha maji? Anza na valvu ya kumwaga

Hidramu ni pampu inayopandisha maji kwa nguvu ya maji yenyewe, bila umeme wala mafuta. Yangu ya fitingi za bomba niliiunga siku moja, ila kuifanya ipandishe maji ilinila wiki nzima, na shida yote ilikuwa kwenye valvu ya kumwaga.

Ile valvu ni chek valvu ya kawaida ya shaba, yaani valvu ya kupitisha maji upande mmoja tu, ya ulimi, inchi moja na robo, nimeifunga juu ya ti mshale ukitazama chini, yaani kinyume na maji yanavyotoka. Ulimi unaning'inia wazi kwa uzito wake, maji yanapita yanamwagika, yakishika kasi yanaubamiza unafunga ghafla, na ule mshtuko wa presha ndio unaofungua chek valvu ya pili na kusukuma maji kidogo mlimani. Presha ikirudi nyuma ulimi unaanguka, mchezo unaanza upya.

Yangu mwanzoni ilikuwa inafunga mara moja halafu kimya. Kumbe bomba la kupandisha lilikuwa tupu, hakuna presha ya kuusukuma ulimi urudi. Dawa yake, funga geti valvu ya kwenye bomba la kupandisha, bonyeza ulimi kwa kidole kila ukifunga, mara 20 au 30 hivi, mpaka usikie unagonga wenyewe, ndo ufungue geti taratibu sana. Ukiharakisha presha inapotea unaanza upya.

Sasa kutyuni. Maji yangu yanashuka mita 2 kwenye bomba la chuma la mita 12 (usiweke la plastiki laini, linatanuka linameza mshtuko), na tangi liko mita 14 juu ya pampu. Ulimi mtupu ulikuwa unagonga mara 80 kwa dakika, ndoo ya lita 20 kule juu ikajaa kwa dakika 13. Nikatoboa ulimi nikafunga boliti na wosha mbili, mapigo yakashuka hadi 55, ndoo ikajaa kwa dakika 8! Uzito unafanya ulimi uchelewe kufunga, maji yanapata kasi zaidi, kishindo kinakuwa kikubwa.

Nikapata tamaa nikaongeza wosha mbili nyingine. Ikagonga kama mara 40, maji yakamwagika mengi kuliko chemchemi inavyoleta, mdomo wa bomba kule kwenye chemchemi ukaanza kuvuta hewa na mwisho ulimi ukabaki wazi, maji yanapita tu. Nikazitoa.

Kwa hiyo pima kwanza chemchemi yako. Yangu inatoa lita 30 kwa dakika, zidisha kwa mita 2, zidisha 0.6 ya ufanisi, gawa kwa 14, unapata kama lita 2.5, na ndo hiyo ndoo ya dakika 8. Ulimi mtupu ulikuwa unakula lita 18 tu, haukuwa mbovu, ulikuwa unatumia maji machache. Kiangazi chemchemi ikipungua natoa wosha, boliti naiacha izibe tundu, inagonga haraka, inapandisha kidogo, lakini haizimiki usiku.